Nilikimbilia ajabu

Hapa Kasumbalesa, katikati ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia, hakosekani mtu anayedai ametumwa. Mmoja hulitaja jina lako kabla hujajitambulisha, mwingine hutoa sindano mwilini mwa mgonjwa. Mimi Mwislamu, niliyesoma chuoni tangu utotoni, niliwaendea wote. Kwangu, atendaye ajabu alikuwa wa Mungu, basi.

Mzee anayetusomesha baada ya magharibi alipata habari. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mwanangu, ajabu ile ilishuhudia dai gani?" Sikuwa na jibu.

Akanipa mfano wa Imamu al-Juwayni, aliyefariki mwaka 1085. Mfalme ameketi mbele ya watu wake. Mtu anainuka na kusema yeye ni mjumbe wa mfalme huyo, kisha anamwomba mfalme: kama nasema kweli, vunja desturi yako, usimame kisha ukae. Mfalme anasimama, anakaa. Hakutamka neno, lakini wote wamejua kuwa amemsadikisha.

Kusimama kwenyewe si kitu, hata mimi nasimama. Uzito wake ni kwamba kumekuja papo hapo kwa kujibu dai, kinyume cha ada, kutoka kwa mwenye kutuma. Ndiyo maana wanazuoni wa tauhidi hawakuita kila ajabu muujiza. Lazima iandamane na dai la utume, na wapinzani washindwe kuleta mfano wake. Ikimtokea mcha Mungu asiyedai utume, ni karama; ikimtokea mwovu, huenda ni istidraji, yaani anaachiwa azidi kupotea.

Hata hivyo sikutulia. Nikamwambia mzee: laiti ningeuona muujiza wenyewe! Akanifungulia al-Munkidh ya Ghazali, mwanafunzi wa Juwayni. Ghazali anasema: najua kumi ni nyingi kuliko tatu, mtu akipinga na kugeuza fimbo kuwa nyoka mbele yangu, nitastaajabia ufundi wake, lakini hesabu yangu haitatikisika. Kwake, ajabu ikisimama peke yake unaweza kuidhania uchawi. Tabibu hujulikana na anayeijua tiba kidogo. Mtume naye hujulikana na anayeisoma Kurani na habari zake na kuyafanyia kazi aliyoyafundisha.

Nikaanza kusoma sira polepole, na humo nikakutana na kifo cha mtoto Ibrahimu, mwana wa Mtume. Siku ile jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya mtoto. Muujiza ulikuwa umeletwa mlangoni. Kunyamaza tu kungetosha. Lakini Mtume akawaambia kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake.

Nililia. Hakuna sindano iliyowahi kunifikisha hapo, nami sikufanya lolote la kustahili. Alhamdulillahi.

Nawe unayekwenda kwa mtenda maajabu kesho, muulize kwanza anadai nini, kisha ngoja uone kama atakuambia ukweli pale uongo unapomfaa.