Nyanya za Gunia Zikioza Kitako

Tunaishi hapa Abuku. Nyumbani tuko watu sita na kiwanja chetu ni kidogo, hakina nafasi ya shamba. Basi nyanya tunapanda kwenye magunia ya posho ya kilo 50, tumeyapanga kandokando ya ukuta. Kila gunia linachukua madebe 2 ya udongo, debe 1 la samadi iliyooza vizuri, na miche 2 tu. Katikati tunasimamisha nguzo ya mawe madogo toka chini mpaka juu, ili maji yafike mizizi ya chini.

Kiangazi kilichopita pampu ya kisima iliharibika, maji tukawa tunapata kila siku ya tatu. Siku ya maji gunia linalowa chepechepe, siku mbili linakauka kabisa. Nyanya zikiwa bado kijani zikaanza kutoa doa kwenye kitako, upande ule usio na kikonyo. Doa linaanza kama limelowa, halafu linakuwa jeusi, linabonyea na kukauka kama ngozi.

Jirani akatuambia, "Huo ni ugonjwa, nunueni dawa mpulize." Mama akageuza majani moja moja: yote safi. Hapo ndipo pa kutofautisha. Bakajani hushika majani na shina pia, na kwenye tunda doa linaweza kutokea popote. Huku kuoza kitako kunakaa kitakoni tu, na mmea wenyewe unaonekana mzima. Dawa ya kupuliza haisaidii kitu, ni pesa ya bure.

Sababu ni hii. Tunda linahitaji madini ya kalsiamu, na madini hayo yanasafiri ndani ya maji. Maji yakikatika, majani ndiyo yanavuta kidogo kilichopo, na kitako cha tunda, kilicho mbali kabisa, kinakosa. Gunia linakauka haraka kuliko shamba, ndiyo maana shida hii inapenda magunia na ndoo. Mbolea ya kuku ikizidi nayo inaongeza, kwa sababu majani yanakua mbio.

Sisi tulichofanya ni kugawa maji yaleyale. Tuliyaweka kwenye jerikeni, kila mche ukapata lita 1 asubuhi, kila siku, na jua likiwa kali sana nusu lita tena jioni. Juu ya udongo tukafunika nyasi kavu, unene wa vidole vinne. Tunda lililokwisha kuoza haliponi. Tuliyachuma yote ili mmea usihangaike nayo. Matunda yaliyofunga baada ya hapo yakaiva mazima.

Maganda ya mayai yaliyosagwa ni mazuri kuchanganya wakati wa kujaza gunia, lakini yanaoza polepole, hayaokoi nyanya za msimu huo. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole ndani ya udongo mpaka kifundo cha pili. Kikitoka kikavu, mche una kiu tayari.