Friji Iliyonipunja Shilingi Elfu Kumi

Je, msomaji, umewahi kununua kitu kikubwa, ukakifikisha nyumbani kwa shangwe, kisha ukakuta hakiingii mahali pake? Yalinipata mimi, na fedha nilizopoteza zimenifunza hesabu ambayo shuleni hatukufundishwa.

Nilinunua friji katika duka moja la vifaa vya nyumbani hapa Nairobi. Bei yake ilikuwa shilingi 46,400, kodi ikiwemo. Nililipa shilingi 1,500 zaidi ili niletewe hadi mlangoni. Jumla, shilingi 47,900. Vijana walipoipandisha ghorofani na kuifungua, tuligundua kuwa upana wake ni sentimita 70. Pengo la jikoni kwetu ni sentimita 66! Mume wangu alinitazama tu, hakusema neno. Majuto ni mjukuu.

Kesho yake nilikodi pikapu kwa shilingi 2,000, nikairudisha. Keshia aliniuliza, "Mama, ina hitilafu gani?" Nikamjibu kwamba haina, ila ni pana mno. Akageuza risiti yangu na kunionyesha maandishi madogo nyuma yake: bidhaa isiyo na kasoro hupokewa katika muda wa siku saba, na mnunuzi hukatwa asilimia 15 kama ada ya kurudishia mali stoo. Pesa za usafiri hazirudishwi.

Niliona kama wizi. Lakini meneja alinieleza kwa utulivu. Katoni ilikwisha kukatwa. Kwa kuwa friji ililazwa kwenye pikapu, ilibidi isimamishwe kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa, ili oili irudi kwenye kompresa, ndipo fundi aikague. Baadaye itauzwa kama mali iliyofunguliwa, kwa bei ya chini. Hasara hiyo haikuletwa na duka wala kiwanda. Niliileta mimi niliyekosa kupima.

Hapo nilikubali. Hata hivyo, nilipopewa karatasi ya kurudishiwa pesa nilikuta imeandikwa shilingi 39,215, nikaomba kalamu.

Tufanye hesabu pamoja, msomaji. Asilimia 15 ya bei ya friji, yaani 46,400, ni shilingi 6,960. Ukiiondoa kwenye bei unabaki na shilingi 39,440. Hizo ndizo nilizostahili. Keshia alikuwa amekata asilimia 15 ya jumla yote ya risiti, yaani 47,900, akapata 7,185. Kisha akaondoa na zile 1,500 za usafiri. Kwa maneno mengine, usafiri niliokuwa nimeshaupoteza wote ulitozwa ada tena! Tofauti ilikuwa shilingi 225. Meneja alipoyaona hayo alisahihisha bila ubishi.

Basi kanuni ni hii: ada hukatwa kwenye bei uliyoilipia bidhaa yenyewe, si kwenye usafiri. Na kama uliuziwa kwa punguzo, hesabu ianzie kwenye pesa zilizotoka mfukoni mwako, si bei iliyobandikwa kwenye kibandiko. Kukikosekana trei au kitabu cha maelezo, duka laweza kukata thamani yake pia, lakini iandikwe kando, usiambiwe tu "na vingine".

Ukijumlisha ada, usafiri wa kuja na pikapu ya kurudi, nilipoteza shilingi 10,460. Nilipokuwa naondoka ndipo nilipoambiwa kuwa kama ningechagua friji nyingine nyembamba dukani humo, wangenisamehe ada. Si kila duka hufanya hivyo, lakini uliza kabla hujasaini lolote.

Jambo la mwisho, nalo ndilo kubwa. Ada hii ni ya mtu aliyebadili nia au aliyekosea kupima. Kama friji haigandishi, au si ile uliyoagiza, hilo ni jambo lingine. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, humtaka mfanyabiashara auze kitu kinacholingana na maelezo yake na chenye ubora unaofaa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 nacho kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha. Kwa hivyo soma sababu iliyoandikwa kwenye fomu ya kurudisha. Ikiwa kifaa ni kibovu na karani ameandika "mteja amebadili nia", usitie sahihi. Maneno hayo matatu yangekugharimu asilimia 15 usiyodaiwa.

Siku hizi futi ya fundi hukaa ndani ya mkoba wangu. Mume wangu huniuliza kama nimekuwa seremala. Namwambia kwamba futi ile ilinigharimu shilingi 10,460.