Upande wa Kulia

"Mtoe huyo," dada alisema. Huyo ni baba, aliyefika Mbamba Bay bila mwaliko akasimama ukingoni mwa picha ya harusi.

Nilikaa Mbinga mbele ya kompyuta. Picha ilikuwa na pikseli 4000 kwa 3000, na baba alikuwa ndani ya zile 800 za kulia. Nikabakiwa na 3200. Fremu ya inchi 10 kwa 8 ikadai kimo kishuke hadi 2560. Nikakata chini, maana juu kuna shela. Viatu vikaenda. Lakini jua lilikuwa likizama ziwani, kuliani, na kivuli cha baba kilikuwa kimelalia gauni. Kukata hakufiki hapo.

Nikaihifadhi kama nakala. Picha nzima sikuifuta. Juzi baba kapiga simu, anaomba picha yoyote aliyomo.