Je, Lafudhi na Msamiati Vyaweza Kututajia Nchi ya Mzungumzaji?

Mwaka wangu wa tatu wa kufundisha Kiswahili hapa Dodoma, nilipokea msichana mpya katika kidato cha kwanza. Siku ya pili nilimtaka asome insha yake mbele ya darasa. Aliandika vizuri kuliko wenzake wengi, lakini simu ya mkononi aliiita rununu, na kompyuta aliiita tarakilishi. Alipofika kwenye neno shamba, alisoma "samba". Shule ikawa "sule". Nikatabasamu, nikasema kwa sauti, "Karibu Tanzania, dada yetu wa Kenya." Darasa likacheka.

Sikuwa na nia mbaya. Hata hivyo, kuanzia siku ile jina lake likawa Mkenya. Wenzake walimwita hivyo uwanjani, bwenini na kwenye foleni ya chakula. Baada ya majuma mawili nikaona kwamba hanyooshi tena mkono darasani. Nilipomuuliza jambo alijibu kwa neno moja, akichagua maneno yasiyo na sauti "sh".

Siku ya kikao cha wazazi mama yake akanifuata. Aliniamkia kwa heshima, kisha akasema, "Mwalimu, mwanangu amezaliwa Rorya, mkoa wa Mara. Baba yake ni Mtanzania, na mimi ni Mtanzania. Alikaa kwa shangazi yake Migori, ng'ambo ya mpaka, akasoma shule ya msingi huko. Sasa anasema hataki kuongea Kiswahili." Niliomba radhi kwa mama, na kesho yake nikaomba radhi kwa mtoto mbele ya darasa lile lile. Lakini nilibaki na swali: nilikosea wapi? Dalili nilizozisikia zilikuwa za kweli. Kosa lilikuwa katika hitimisho.

Tuanze na lafudhi. Lafudhi ni namna mtu anavyotamka maneno, na kwa kawaida huathiriwa na lugha aliyoizoea tangu utotoni. Kijaluo hakina sauti "sh". Kwa hiyo mtu aliyekua akizungumza Kijaluo huweza kuweka "s" mahali pa "sh" anapozungumza Kiswahili. Basi "samba" ya msichana yule ilinieleza lugha ya nyumbani kwao. Haikunieleza nchi, kwa sababu Wajaluo wako Rorya na wako Migori pia. Mpaka ulichorwa katikati ya watu wa lugha moja. Ndivyo ilivyo kwa Wakuria na Wamasai. Hata hapa katikati ya nchi, mkoa mmoja wa Dodoma una Kigogo na Kirangi, ambazo ni lugha za Kibantu, Kiburunge, ambacho ni lugha ya Kikushi, na Kisandawe chenye sauti za kidoko. Watu wa mkoa huu ni raia wa nchi moja, lakini hawana sababu ya kuwa na lafudhi moja.

Msamiati nao husimulia habari nyingine. Maneno tunayapata shuleni, kazini, sokoni na redioni, nayo hubadilika upesi kuliko matamshi. Nchini Kenya, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye mtihani katika mfumo wa elimu ulioanza mwaka 1985, na maneno kama tarakilishi na rununu yalienea kupitia madarasa na vitabu vya huko. Kwa hiyo maneno yale mawili yalinieleza mahali msichana yule aliposoma. Tena niliyahesabu kama dalili mbili, kumbe yalikuwa dalili moja tu, kwa kuwa yote yalitoka katika chanzo kimoja, yaani shule. Mashahidi wawili walioambiwa habari na mtu mmoja si mashahidi wawili.

Sasa tupime uzito wa dalili hiyo kwa hesabu ndogo. Namba hizi ni za mfano tu. Tuchukulie kwamba katika kituo cha mabasi cha Nanenane wamo watu 1,000, na kati yao Wakenya ni 20 na Watanzania ni 980. Tuseme nusu ya Wakenya hao, yaani watu 10, husema rununu. Tuseme pia kwamba Watanzania wanaotumia neno hilo ni 2 tu katika kila 100, kwa sababu walisoma ng'ambo, walifundishwa na mwalimu wa huko au walisoma vitabu vya huko. Asilimia 2 ya watu 980 ni karibu watu 20. Basi jumla ya wanaosema rununu ni 30, na Wakenya kati yao ni 10. Ukisikia neno hilo kituoni ukasema "huyu ni Mkenya", utapatia mara 1 na kukosea mara 2 katika kila watu 3.

Angalia vizuri jambo hili. Kabla ya kusikia neno, uwezekano wa mtu yeyote pale kuwa Mkenya ulikuwa 1 kwa 50. Baada ya kulisikia, umekuwa 1 kwa 3. Kwa hiyo dalili imefanya kazi, na kazi kubwa. Ila haijatosha, kwa sababu Watanzania pale ni wengi mno, na sehemu yao ndogo sana bado inazidi nusu ya Wakenya waliopo. Neno hilo hilo likisikika Namanga, mpakani, lina uzito mwingine, maana idadi ya watu wa kila upande ni nyingine. Ndiyo maana huwezi kupima dalili bila kujua uko wapi.

Mfano mwingine ni sombe, mboga ya majani ya muhogo ambayo wengi wetu huiita kisamvu. Ukimsikia mtu akisema sombe, na "mutoto" badala ya mtoto, utaelekea kusema ni Mkongo. Lakini neno sombe lipo Kigoma pia, na lugha ya Waha wa Kigoma huitamka irabu ile baada ya "m". Huenda mtu wako ameshuka treni leo asubuhi kutoka Kigoma, akiwa na kitambulisho chake cha Tanzania mfukoni.

Kwa hiyo, mwanafunzi, ukiulizwa katika mtihani kama lafudhi hubainisha atokako mzungumzaji, usijibu ndiyo au hapana tu. Eleza kwamba lafudhi huelekeza kwenye lugha ya utotoni, msamiati huelekeza kwenye mahali mtu aliposoma au alipoishi, na uraia ni jambo la tatu linalothibitishwa kwa hati. Mambo hayo matatu mara nyingi hukutana kwa mtu mmoja, na ndiyo maana tunabahatisha na kupatia. Yanapoachana, sikio halina njia ya kujua.

Msichana yule alipofika kidato cha pili alikuwa akisema kompyuta kama wenzake. "Samba" ilibaki. Siku moja mwanafunzi mgeni alimuuliza, "Kwani wewe ni wa wapi?" Akajibu, "Rorya. Na wewe?" Niliona kwamba swali lile lilichukua muda mfupi kuliko tabasamu langu la siku ile, na jibu lake lilikuwa sahihi.