"Kuna Watu Humu Ndani": Siasa ya Fagio na Ndoo

Katika Kiswahili chetu cha kila siku, ni maneno machache yanayozua ugomvi kwa wepesi kama haya mawili: "kuna watu". Huyatumia mkuu wa idara kikaoni, huyatumia mwenye nyumba anapodai kodi, na mwezi uliopita niliyakuta katika ujumbe ambao mpwa wangu alikuwa akikusudia kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la wenzake anaopanga nao. Wako wanne katika nyumba moja Sinza, Dar es Salaam: wawili wanasoma chuo, mmoja ni mtumishi wa halmashauri, na wa nne ni muuguzi ambaye baadhi ya wiki hufanya kazi usiku. Aliniandikia: "Shikamoo Mjomba, naomba uusome kabla sijautuma."

Ujumbe wenyewe ulisema hivi: "Habari zenu. Naona kuna watu humu ndani wanafikiri mimi ni dada wa kazi. Wiki nzima nimesafisha choo peke yangu, na wengine hata sahani zao hawaoshi. Anayejijua ajirekebishe."

Malalamiko yake yalikuwa ya haki. Lakini hebu tuutazame ujumbe huo kwa makini. Katika nyumba ya watu wanne, "kuna watu" ni watu watatu tu. Yule aliyekuwa zamu ya usiku wiki nzima atajiuliza kama ndiye anayesemwa. Yule aliyeosha sufuria jana ataona jasho lake limedharauliwa. Na mhusika halisi, kwa kuwa hakutajwa, atanyamaza kama wengine. Fumbo huwajeruhi wasiohusika na kumpa mhusika mahali pa kujificha. Watumishi wa umma wanaijua vyema lugha hii, kwani ndiyo ya nyaraka zinazoanza kwa "imebainika kuwa baadhi ya watumishi". Waraka wa namna hiyo husomwa na wote, na kila mmoja huamini kwamba umeandikwa kwa ajili ya jirani yake.

Kisha lipo lile neno "dada wa kazi". Linakusudiwa kusema "nimeonewa", lakini linasema pia kwamba kusafisha choo ni kazi ya mtu wa chini. Anayeanza kwa kuidharau kazi hawezi kutarajia wenzake waigombee.

Tatizo la tatu limejificha zaidi, nalo liko katika "peke yangu". Mwaka 1979 wanasaikolojia Michael Ross na Fiore Sicoly walichapisha utafiti ambao sehemu yake iliwahusu wanandoa. Kila mmoja aliulizwa kivyake amebeba sehemu gani ya majukumu ya nyumbani. Majibu ya mume na mke yalipojumlishwa, kwa kazi nyingi yalizidi kazi yote iliyokuwapo. Si lazima mtu awe mwongo ili hilo litokee: kila mmoja hukumbuka kwa urahisi ndoo aliyoibeba mwenyewe, kwa sababu alikuwapo alipoibeba, ya mwenzake hakuiona. Kwa hiyo atakayeandika "nafanya yote mimi" asishangae akijibiwa na watu watatu wanaosema vivyo hivyo, wote kwa moyo mweupe. Hapo mjadala utakuwa wa nani mkweli, na choo kitabaki kichafu.

Nilimshauri aache kwanza kuhesabu watu, ahesabu kazi. Tulikaa naye na karatasi. Choo na bafu husuguliwa mara 3 kwa wiki, kama dakika 30 kila mara: dakika 90. Jikoni, yaani jiko la gesi, sinki na meza, ni dakika 15 kila siku: dakika 105. Kufagia na kupiga deki sebule na korido ni mara 2, dakika 40 kila mara: dakika 80. Kutoa taka gari linapopita asubuhi, mara 2 kwa dakika 10, pamoja na kujaza mapipa maji yanapotoka, mara 2 kwa dakika 30, ni dakika 80 nyingine. Jumla ni dakika 355. Kwa watu wanne, kila mmoja hafikii hata saa moja na nusu kwa wiki. Tazama jinsi mafungu hayo manne yanavyokaribiana. Hata hivyo, dakika hazipimi karaha. Dakika 30 za choo si sawa na dakika 30 za kusimamia bomba. Ndiyo maana mafungu lazima yazunguke, asiwepo mtu wa choo wa kudumu.

Vyombo tuliviondoa kabisa katika hesabu. Sahani ya mtu ni yake, aioshe mwenyewe. Kuchanganya uchafu wa mtu binafsi na uchafu wa wote ndiko kunakoharibu zamu nyingi, kwa sababu mwenye zamu ya jikoni hugeuka mtumishi wa kila anayekula.

Ujumbe aliotuma hatimaye, Alhamisi saa moja jioni na si usiku wa manane akiwa na hasira, ulikuwa huu: "Habari za jioni jamani. Nimeorodhesha kazi zetu za pamoja ili tuzigawe upya: choo na bafu, jikoni, sebule na korido, taka na maji. Makadirio ya muda nimeyaweka kwenye picha. Vyombo kila mtu anaosha vyake. Napendekeza kila mmoja achukue fungu moja, tubadilishane kila Jumapili. Mimi naanza na choo. Nini nimesahau, na ratiba gani haitakufaa? Tuzungumze Jumapili saa kumi jioni, dakika 20 tu."

Mpendekezaji amejitwika fungu lisilopendwa kwanza, na kwa hiyo hakuna wa kumshuku. Maswali mawili ya mwisho yanawapa wenzake nafasi ya kuurekebisha mpango bila kuukataa. Muuguzi alijibu kwamba wiki za usiku hawezi kuliwahi gari la taka. Walikubaliana abadilishane na mwenye sebule. Mtumishi wa halmashauri alisema afadhali atoe fedha, mtu aitwe. Jambo hilo linawezekana, ila kwa sharti kwamba anayelipwa atoke nje na kima kikubaliwe na wote. Akilipwa mmoja wao, wapangaji wenza watageuka tajiri na kibarua. Wa nne hakuandika neno. Tiki mbili za buluu zinathibitisha kwamba ujumbe umesomwa. Kukubali ni jambo jingine. Yeye alihitaji kuulizwa ana kwa ana, kwa upole, kabla ya Jumapili, wala si kuulizwa mbele ya kundi.

Wiki ya tatu ndiyo inayoonyesha kama mpango umeshika. Dalili ya kushindwa si vumbi. Dalili ni kwamba mtu yuleyule ndiye anayekumbusha kila mara. Kukumbusha nako ni kazi, tena inayochosha na kumfanya anayekumbusha aonekane mnyapara. Kwao sasa mwenye fungu la taka ndiye mkumbushaji wa wiki, na ukumbusho huzunguka pamoja na ndoo.

Ujumbe hauwezi kumlazimisha asiyetaka. Akikataa waziwazi, suala hilo limekwisha kuwa la mkataba wa kupanga, na litajadiliwa kwa mdomo. Lakini akikataa baada ya orodha kuwekwa mezani, atakuwa amekataa fungu linalojulikana, la dakika zinazojulikana, na hatakuwa na "kuna watu" ya kujifichia.