Hukujiunga na chama? Mkataba bado unakuhusu

Wasee, nilipoacha kampasi nilipata kazi kwenye kiwanda fulani. Sikujiunga na chama chochote cha wafanyakazi, lakini slipu ya mshahara ikaja na makato yameandikwa "ada ya uwakala". Nikajiuliza, nakatwaje na chama ambacho si changu?

Jibu liko kwa Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007. Kifungu cha 59 kinasema mkataba wa pamoja unamfunga mwajiri na wafanyakazi wake wote wanaostahili kuwakilishwa na chama, hata wale hawajajiunga. Ukishasajiliwa kortini, lazima utekelezwe.

Chukua kampuni yenye wafanyakazi 100 kama hao. 60 wamejiunga, kwa hivyo chama kina wengi na mwajiri lazima akitambue. Kikipata nyongeza ya asilimia 10, wale 40 pia ni yao. Bosi akikwambia "hii ni ya wanachama tu", anakuchezea.

Sasa upande wa pili. Kifungu cha 49 kinaruhusu wale 40 wakatwe ada, lakini si kiholela. Mkataba uwe umesajiliwa, na waziri awe ametoa agizo. Moja likikosekana, uliza pesa yako inaenda wapi.

Kulipia nyongeza uliyopata, mimi naona ni haki. Shida ni kwamba asiye mwanachama hachagui viongozi wa chama. Unalipa, mkataba unakufunga, na wanaoenda kuujadili tena wamechaguliwa na wengine. Kama tayari unakatwa, si afadhali ujiunge upige kura?