Pointi 7 kwa 20: soma makosa yako kabla ya kurudia kosi

Kila mwaka wakati wa sesheni ya pili, nyumba nyingi za hapa Goma zinakuwa na mwanafunzi anayesoma kosi aliloanguka. Mwaka huu nyumbani kwetu alikuwa binti wa dada yangu, tunayeishi naye tangu familia yao ilipokimbia vita kutoka Masisi. Anasoma uuguzi mwaka wa kwanza. Katika kosi la kuhesabu dawa alipata pointi 7 kwa 20. Kuanguka tena kungekuwa kulipa mwaka mwingine, na baba yake hana tena shamba.

Aliniambia: «Mjomba, nitaandika silabusi yote upya, ukurasa kwa ukurasa.» Nilimwomba kwanza alete karatasi ya mtihani. Chuo kilikuwa kimeirudisha, na hiyo ilikuwa bahati. Palipo na mwalimu asiyerudisha karatasi, inafaa kuandika maswali yote unayoyakumbuka jioni ileile, kisha kumwomba asistenti akuonyeshe pointi zilipopotea.

Mtihani ulikuwa na maswali 10, kila moja pointi 2. Manne yalikuwa ya kueleza, sita ya kuhesabu. Tulipitia pointi 13 zilizopotea, na kando ya kila kosa tukaandika sababu yake. Pointi 2 zilipotea kwa kusahau somo. Pointi 2 kwa sababu saa iliisha kabla hajafika swali la mwisho. Pointi 2 kwa Kifaransa: swali lilitaka dawa ya kila mara moja, yeye akatoa ya siku nzima. Zile 7 zilizobaki zote zilitoka mahali pamoja: vipimo.

Mfano ni huu. Mgonjwa apewe mililita 500 za serumu kwa saa 4, na mpira wa serumu unatoa matone 20 kwa kila mililita. Ni matone mangapi kwa dakika? Yeye alizidisha 500 kwa 20, akagawa kwa 4, akaandika 2500. Kanuni aliijua vizuri, lakini hakugeuza saa kuwa dakika. Saa 4 ni dakika 240, na 10000 ukigawa kwa 240 unapata karibu 42.

Swali lingine lilikuwa la mtoto wa kilo 12, apewe seftriaksoni miligramu 50 kwa kila kilo. Hiyo ni miligramu 600. Chupa ina gramu 1 iliyoyeyushwa katika mililita 10. Aliacha ile gramu bila kuigeuza kuwa miligramu 1000, akapata mililita 6000. Hizo ni lita sita za sindano kwa mtoto mdogo! Jibu ni mililita 6.

Basi kuandika silabusi upya kungetibu zile pointi 2 za kusahau tu. Zilibaki wiki tatu, tukapanga namna nyingine. Wiki ya kwanza alifanya mahesabu matano kila asubuhi, kabla watoto hawajaamka. Mstari wa kwanza wa kila hesabu ulikuwa wa kugeuza vipimo, hata pale ambapo havikuhitaji kugeuzwa. Mstari wa mwisho ulikuwa swali: jambo hili linawezekana? Matone 42 kwa dakika ni kama mawili kwa sekunde tatu, jicho linaweza kuyahesabu. Matone 2500 hakuna jicho litakaloyaona.

Wiki ya pili tuliandika maswali kwenye vipande vya karatasi, tukavichanganya ndani ya kopo. Ukifanya hesabu kumi za serumu mfululizo, mkono unazoea na kichwa kinalala. Mtihani haukuambii swali linalofuata ni la aina gani. Alipiga pia mstari chini ya kila neno la Kifaransa linalosema mara ngapi au kwa muda gani. Wiki ya tatu alifanya mitihani miwili mizima, kila mmoja kwa saa mbili, yaani dakika 12 kwa kila swali.

Alipata 13 kwa 20. Katika mahesabu alitoka pointi 1 hadi 8 kwa 12. Katika maswali ya kueleza alishuka kutoka 6 hadi 5, kwa sababu hatukuyapa muda wa kutosha. Na njia hii ina mpaka wake: yeye alijua kugawa na kuzidisha. Mwanafunzi ambaye vipimo amevigeuza vizuri lakini bado anakwama kwenye kugawa, shida yake ni ya zamani kuliko kosi hilo. Wiki tatu hazimtoshi peke yake, anahitaji mtu wa kukaa naye na kuanzia kwenye mahesabu ya shule ya msingi.

Sasa yuko kwenye stazhi katika kituo cha afya. Mstari ule wa mwisho bado anauandika, kwenye kipande cha karatasi, kabla ya kufungua serumu.